Mhadhiri kaandika "Kwa hiyo?" pembeni mwa insha. Nimfafanulieje mwanafunzi?

Chaki Nyeupe
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkufunzi msaidizi idara ya Kiswahili, chuo naomba nisikitaje. Mhadhiri wa kozi amerudisha insha za mwaka wa pili. Swali lilikuwa: "Jadili kwa nini Kiswahili hakijawa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari Tanzania." Wanafunzi wanaruhusiwa kurekebisha na kurudisha hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Nina insha moja hapa. Wino mwekundu umejaa, ila maneno yenyewe ni machache: "Kwa hiyo?" mara tatu, "Ushahidi?", "Nani kasema?", na mwishoni kabisa "Maelezo tu. Panga upya." Mwanafunzi ameisoma wee, hajui ashike lipi aache lipi. Nataka kuyaandika upya maoni haya ili ajue hasa abadili nini. Nimekwama, na muda unakwenda. Aliyewahi kufanya kazi ya namna hii anisaidie.

Mama Twisheni
Watoto wa siku hizi wanataka kutafuniwa. Sisi tuliandikiwa "Rudia" tukarudia. Mwache ahangaike, atajifunza.

Kindo wa Mbeya
Mkuu umenigusa. Msimamizi wangu wa tasnifu aliandika "Hapana" kwenye ukurasa mzima wa sura ya pili. Hapana ipi? Mada? Nadharia? Lugha? Nilibadili nadharia nzima, nikarudi naye anashangaa, kumbe alikuwa hataki jedwali tu. Mpaka leo nikiona wino mwekundu tumbo linauma.

Dada Vigezo
Chukua jedwali la vigezo vya kusahihishia, kila oni liweke kwenye kigezo chake: hoja, ushahidi, mpangilio, lugha. Halafu geuza amri ziwe maswali ya upole. Badala ya "Panga upya" andika "Je, ungeweza kufikiria mpangilio mwingine?" Mwanafunzi hatavunjika moyo.

Mhariri Mstaafu
Dada Vigezo, hapo kwenye vigezo nakuunga mkono, maana mwanafunzi ataona "Kwa hiyo?" zote tatu ni tatizo moja la hoja. Kwenye maswali ya upole nakataa. Nimesahihisha insha miaka mingi. Ukimwandikia mwanafunzi "je, ungeweza kufikiria", anafikiria, anaamua hapana, anaendelea na yake. Hajui kama hilo ni ushauri au ni sharti la kupata alama. Upole uwe kwenye sauti, lakini kinachotakiwa kifanyike kisemwe waziwazi.

Chaki Nyeupe, tuwekee aya moja yenye "Kwa hiyo?" na useme alama iko wapi hasa. Bila kuona maandishi ya mwanafunzi, tutakuwa tunafafanua hewa.

Chaki Nyeupe
Shikamoo mwalimu. Hii ni aya ya 3, neno kwa neno:

"Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza kitumike pia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1995 Sera ya Elimu na Mafunzo ilisema Kiingereza kiendelee. Mwaka 2014 sera mpya ilikitaja tena Kiswahili."

"Kwa hiyo?" imeandikwa mkabala na sentensi ya mwisho, lakini kuna mstari umepigwa chini ya "halikutekelezwa".

Nilijaribu hivi: "Boresha uchambuzi wako kwa kuzingatia muktadha wa kihistoria na kisera." Naona bado haijakaa sawa.

Mhariri Mstaafu
Marahaba. Haijakaa sawa kwa sababu umerefusha tu. Mwanafunzi akikaa mezani na sentensi hiyo, mkono wake unakwenda wapi kwanza? Hakuna pa kwenda. Ataongeza tarehe nyingine mbili aseme ndiyo muktadha.

Ule mstari chini ya "halikutekelezwa" ndio ufunguo. Swali linauliza kwa nini. Mwanafunzi amefika mlangoni kabisa mwa jibu, mwaka 1982, akapita kwenda 1995. Mhadhiri alikuwa anasubiri aambiwe ni nini kilizuia pendekezo lile. Mimi ningeandika hivi:

"Aya ya 3 inataja matukio kwa mfuatano wa miaka, na tarehe zako ni sahihi. Swali linataka sababu. Ulipoandika 'halikutekelezwa', msomaji anataka kujua nini kilizuia. Chagua sababu moja unayoweza kuithibitisha kwa chanzo ulichosoma, iwe sentensi ya kwanza ya aya, kisha bakiza tarehe zile tu zinazoiunga mkono. Ukimaliza, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake. Zikijibu 'kwa nini' bila aya zilizobaki, umefika."

Nimemwonyesha mahali, nimemwambia msomaji amekosa nini, nimempa kazi ya kufanya, na nimempa njia ya kujipima. Sababu yenyewe sijamtajia.

Sauti ya Kijiwe
Mwalimu kwa maelezo haya na mimi narudi chuo. Ila insha iwe ya mpira.

Ndugu Hakimu
Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mhadhiri ndiye aliyekutuma uandike upya maoni yake? Maana mkufunzi msaidizi ana insha za darasa zima, wewe una moja tu.

Chaki Nyeupe
Hajanituma moja kwa moja, lakini kusaidia wanafunzi ni sehemu ya kazi yangu. Tusitoke kwenye mada jamani. Mwalimu, na "Ushahidi?" je? Imewekwa kwenye sentensi hii: "Wazazi wote wanapenda watoto wafundishwe kwa Kiingereza." Nimemwandikia aongeze rejea.

Mhariri Mstaafu
Subiri. "Ushahidi?" linaweza kubeba maana tatu, na kila moja ina marekebisho yake. Huenda hakuna chanzo kilichotajwa. Huenda chanzo kipo lakini hakisemi anachodai mwanafunzi. Au dai ni pana kiasi kwamba hakuna chanzo duniani kitakachoweza kulibeba. Angalia kalamu imegusa neno lipi. Kama imezungushwa kwenye "wote", rejea hata kumi hazitasaidia. Anatakiwa apunguze dai: wazazi gani, wa wapi, kwa mujibu wa nani.

Chaki Nyeupe
Imezungushwa kwenye "wote". Sasa kuna shida, maana ile ya kuongeza rejea nimeshamtumia.

Dada Vigezo
Umeshamtumia? Si ulisema unaomba ushauri kabla?

Ndugu Hakimu
Ndiyo maana nilishtuka. Wakuu, hapa hakuna mkufunzi. Huyu ndiye mwanafunzi mwenyewe, anataka Mhariri amwandikie insha bure. Aya anayo, swali analo, tarehe ya mwisho anaijua. Mkufunzi gani anaficha kama mhadhiri anajua?

Sauti ya Kijiwe
Uzi umenoga. Naleta kahawa na kashata.

Mama Twisheni
Nilisema mimi! Anataka kutafuniwa!

Kindo wa Mbeya
Hata kama ni mwanafunzi, kosa lake nini? Mimi ningepata mtu wa kunitafsiria ile "Hapana" nisingepoteza semista.

Chaki Nyeupe
Mimi si mwanafunzi. Nitasema yote ili tuelewane. Mwenye insha ni binti wa mama yangu mdogo, tunaishi naye nyumbani. Na hizo insha zikirudi Ijumaa, kundi lake nalisahihisha mimi kwanza, mhadhiri anapitia baadaye. Maoni nimemtumia Jumapili kwenye Watsapu. Kwenye "Panga upya" nimemwambia aya ya 5 aipeleke mwanzo. Na kwenye ile "Kwa hiyo?" nimemtajia sababu, kwamba miaka ya 1980 Uingereza ilileta mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza sekondari, na mitihani ya taifa ikabaki kwa Kiingereza. Sioni nimekosea wapi. Mtoto alikuwa analia, na mhadhiri simu hapokei. Ningekuwa nimefafanulia mwanafunzi mwingine yeyote mngenipongeza.

Ndugu Hakimu
Kama ni kweli, basi ni mbaya kuliko nilivyodhani. Unafafanua, unampa jibu, halafu unasahihisha. Ndugu yako. Bado siamini lakini.

Mhariri Mstaafu
Hakimu, awe mkufunzi au mwanafunzi, kazi iliyo mbele yetu ni ileile, nami nitaijibu. La kusahihisha ndugu yako, Chaki, mwambie mhadhiri ampe mtu mwingine kundi hilo. Siongezi neno hapo.

Turudi kwenye maoni. Ile sababu uliyomtajia si oni tena, ni aya ya insha. Akiiandika, mhadhiri ataona hoja imeingia bila kujua imetoka wapi, na mtoto akiulizwa hawezi kuitetea. Mwambie aiache mpaka aikute mwenyewe kwenye kitabu au makala.

"Panga upya" ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nimeona wahadhiri wakilitumia wakimaanisha mpangilio wa aya, wengine mpangilio wa sentensi ndani ya aya, na wengine wakimaanisha insha nzima imejengwa juu ya miaka badala ya sababu. Limeandikwa pamoja na "Maelezo tu", kwa hiyo mimi naegemea hiyo ya mwisho. Lakini kuegemea si kujua. Ukihamisha aya ya 5 kwenda mwanzo, insha inabaki ya miaka, ila sasa miaka imevurugika. Oni lenye maana zaidi ya moja, anayeulizwa ni aliyeliandika. Nenda na sentensi moja tu ya kuuliza: "Panga upya, ni aya zifuate sababu badala ya miaka?" Mhadhiri mwenye haraka atajibu ndiyo au hapana, inatosha.

Halafu, yale maneno mafupi ya mhadhiri usiyafute. Yaandike hivyo hivyo, ufafanuzi wako uwe chini yake. Ukikosea tafsiri, mwanafunzi ataweza kurudi kwenye chanzo.

Dada Vigezo
Na ampangie lipi lianze. Akipewa yote kwa uzito mmoja ataanza na tahajia kwa sababu ndiyo rahisi, Alhamisi usiku itamkuta kwenye nukta na mikato.

Mhariri Mstaafu
Sawasawa. Kwanza sababu, kisha lile "wote", kisha "Nani kasema?". Tahajia asiguse mpaka aya zikae, maana nusu ya sentensi hizo zitafutwa.

Chaki Nyeupe
Nimeelewa la maoni. Kesho asubuhi namsubiri mhadhiri mlangoni na hilo swali moja, na mdogo wangu nimemwambia asiguse aya ya 5 mpaka nirudi. Hilo la kumwambia mhadhiri kuhusu undugu, naomba mnielewe, ataniuliza kwa nini sikusema mwanzoni mwa semista. Bado nalifikiria.

Ndugu Hakimu
Mhadhiri atakuwa na haki ya kuuliza.

Kindo wa Mbeya
Mwalimu Mhariri, samahani, kabla uzi haujafungwa. Sura ya nne nimerudishiwa juzi, imeandikwa "Bado". Nifanyeje?

Mhariri Mstaafu
Iko mkabala na aya ipi? Iweke hapa hiyo aya peke yake, na useme kama kuna neno limepigiwa mstari.