Re: Jina langu kazini na hati ya kubadili jina

Ng'washi (Birmingham):
Ndugu zangu, salaam. Ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na tangu siku ya kwanza jina langu limekuwa likisomwa "Negwashi". Sasa wamelikata na kuniita "Woshi", neno ambalo kwao maana yake ni kuosha. Wiki iliyopita ubao wa zamu ulikuwa na neno hilo mara mbili: mara moja kwa wazee wa kuogeshwa asubuhi, mara ya pili ni mimi. Nilisimama pale na taulo mkononi, nikaumia. Ofisi ya waajiriwa inanishauri nijaze hati ya kubadili jina niitwe Samu. Je, viza yangu ya mtandaoni haitaleta shida?

Juma (Leicester):
Kaka, hati hiyo ni lazima isajiliwe mahakamani, na kuna ada.

Mwanaidi (London):
Si lazima, Juma, tusipotoshane. Usajili ni hiari. Mwenye umri wa miaka 16 na zaidi huiandika mwenyewe mbele ya mashahidi wawili. Ugumu uko kwingine: viza hufuata pasipoti, kwa hiyo akiwa Samu hapa na Ng'washi kwenye pasipoti ya Tanzania, atakuwa na majina mawili kila anapokaguliwa. Jina la kuitwa linaweza kuandikwa kwenye beji tu, na mshahara ukabaki na jina la pasipoti.

Bi Zuhura (Hamburg):
Mwanangu, kama cheti cha kuzaliwa kimekosewa, anzia RITA. Mimi huku nilihangaika mno, kwa sababu hadi mwaka 2025 jina la mgeni Ujerumani lilifuata sheria ya nchi yake.

Odhiambo (Manchester):
Mama, cheti chake hakina kosa. Ndugu, hata pasipoti huacha ile alama ya juu katika mistari ya chini inayosomwa na mashine, ndiyo maana kompyuta zao huandika NGWASHI. Sauti yenyewe Waingereza wanayo mwishoni mwa neno lao la kuimba, "sing". Ila usiwape neno la mwimbaji, "singer", maana Birmingham na huku kwetu wengi huongeza "g" pale katikati, na utarudi ulikoanzia.

Ng'washi:
Ahsanteni. Fomu nimeirudisha tupu, kwa kuwa jina hili ni la babu aliyenilea Shinyanga. Kompyuta ya beji ilikataa ile alama, nikaiweka kwa kalamu. Jana wakati wa kukabidhiana zamu niliwaomba wenzangu waimbe lile neno, washikilie mwisho wake, kisha waanzie hapo. Wawili walipata. Msimamizi bado anasema "Woshi". Nimemwambia kwa heshima kwamba kwa jina hilo sitaitika tena.

Juma:
Na kuhusu viza, wamekujibu nini?