Wakuu naombeni ushauri: riwaya ya ukoo ya miaka 60, nikiruka miaka wasomaji wanapotea

Kalamu ya Bahi
Habari za jioni wadau. Nina mswada wa riwaya ya ukoo mmoja wa Kigogo, kuanzia 1958 hadi 2018 Dodoma inapotangazwa kuwa jiji. Mhusika mkuu ni Ester, aliyezaliwa 1958. Sehemu ya kwanza inaishia 1974, ya pili inaanza 1986, ya tatu ni 2002 na kuendelea. Nimewapa watu watatu wasome, na wote wamekwama palepale: mwisho wa sura ya 9 na mwanzo wa sura ya 10, nilipovuka hiyo miaka 12. Mmoja alisoma kurasa nne akidhani bado ni siku ileile. Nimeweka nyota tatu katikati na mwaka juu ya sura. Nimekosea wapi tena? Nimeshachapa sehemu zote tatu, kwa hiyo sitaki ushauri wa kuanza upya.

Zabibu Kavu
Mkuu, tumia mbinu rejeshi. Anza 2018, Ester ni mzee wa miaka 60, anakaa kivulini anakumbuka. Mtu anayekumbuka ana ruhusa ya kuruka, kwa sababu kumbukumbu haifuati kalenda. Tatizo limeisha.

Dada wa Hombolo
Mimi naona historia ndiyo inayokosekana. Kila unaporuka, tia tukio la taifa: Azimio la Arusha 1967, uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma 1973, vita vya Kagera 1978. Msomaji akikutana nayo anajua yuko wapi. Yangu nimeanza na reli, nimefika mwaka 1947 na mradi wa karanga Kongwa, nina kurasa 200 na babu bado hajaoa. Naomba na mimi mnisaidie, nikate wapi?

Mwl wa Nkuhungu
Dada wa Hombolo, fungua uzi wako, nitakuja huko. Na Zabibu, hoja yako ina nusu ya ukweli. Mzee anayekumbuka anahalalisha kuruka, lakini hamwambii msomaji ameruka umbali gani. Ukitoka 1974 kwenda 1986 ndani ya kumbukumbu yake, ukungu ni uleule, na sasa una nyakati tatu za kutunza badala ya mbili.

Kalamu, tuwekee hapa mistari ya mwisho ya sura ya 9 na ya kwanza ya sura ya 10. Bila hiyo tunapiga ramli.

Kalamu ya Bahi
Hii hapa mwalimu. Sura zote ziko kichwani mwa Ester. Sura ya 9, kurasa 20, ni wanahamishwa kwenda kijiji cha ujamaa. Daudi wa sura ya 10 ni mtoto wa Ester, yuko darasa la saba.

*Ester akachukua kibuyu, akafunga mlango wa tembe, akashuka kuelekea korongoni. Mama yake akamwita. Hakugeuka.*

(nyota tatu, ukurasa mpya, 1986)

*Daudi akaingia na daftari mkononi, akauliza chakula kiko wapi. Ester akamwonyesha chungu.*

Mwl wa Nkuhungu
Ugonjwa wa kwanza nimeuona. Angalia vitenzi: akachukua, akafunga, akashuka, halafu baada ya miaka 12, akaingia, akauliza. Hiyo "ka" kazi yake ni kusema jambo hili limefuata lile. Sikio la msomaji linaunganisha moja kwa moja: Ester kashuka korongoni, Daudi kaingia. Nyota zako zinasema "simama", kitenzi kinasema "endelea", na kitenzi ndicho kinachosikika. Mwaka uliouweka juu wengi hawausomi, jicho linauruka kama namba ya ukurasa. Hata anayeusoma inabidi atoe 1974 kwenye 1986, na hakuna msomaji wa riwaya anayetaka kupiga hesabu.

Kata mnyororo. Sentensi ya kwanza baada ya kuruka ianze na "alikuwa" au "ali-", ikiwa na jambo linaloonyesha umbali, kisha ndipo uirudishe "ka" yako. Na umbali uonekane kwenye mwili wa mtu au kwenye kitu ambacho msomaji alikiacha kikiwa hivi, sasa kiko vile. Wewe unacho tayari: mlango. Alipoondoka aliufunga mlango wa tembe. Jaribu hivi:

*Daudi alikuwa ameshampita mama yake kimo alipoanza darasa la saba. Nyumba ilikuwa ya bati, lakini mlango ulikuwa uleule wa tembe la babu, mfupi, na kila jioni aliinama kuingia. Siku hiyo akaingia na daftari mkononi, akauliza chakula kiko wapi.*

Ndani ya sentensi mbili msomaji ana mtoto aliyekua, tembe lililokwenda na mlango uliobaki. Mwaka uache juu ukitaka, ila sasa unathibitisha tu.

Msomaji Makole
Hapo kwenye nyota nami niongeze. Mstari mtupu peke yake ukidondokea chini kabisa ya ukurasa haupo, macho hayauoni. Na ukiweka sura kwenye simu mistari mitupu hubanwa. Mimi kwenye uchapaji nimezoea hivi: saa chache ni mstari mtupu; siku au wiki ni sentensi moja ndani ya aya; miaka ni sura mpya; kizazi kizima ni ukurasa wenye neno Sehemu ya Pili peke yake. Ukitumia nyota tatu kwa jioni moja na nyota tatu hizohizo kwa miaka 12, alama haina maana tena.

Mwl wa Nkuhungu
Sahihi kabisa. Sasa kuna jambo la pili, na hili linanisumbua zaidi. Nimechukua umri wa watu wako nikaupanga. Ester 1958. Mwaka 1974 ana 16. Mwaka 1986 ana 28. Daudi yuko darasa la saba 1986. Kama alianza shule na miaka saba, ana 13, amezaliwa 1973. Kama alichelewa kuanza, kama wengi vijijini, amezaliwa mapema zaidi. Kwa hiyo Ester akishuka korongoni mwaka 1974 tayari ana mtoto wa angalau mwaka mmoja. Yuko wapi huyo mtoto kwenye sura ya 9?

Kalamu ya Bahi
Hilo tunaweza kuliacha. Msomaji hatapiga hesabu hiyo.

Mwl wa Nkuhungu
Umesema wasomaji wako watatu wote wamekwama hapo. Hawakupiga hesabu, ila walihisi mtoto mkubwa ametoka hewani. Baba yake ni nani?

Kalamu ya Bahi
Sawa. Daudi si mtoto wa mume wa Ester. Ndoa ni 1976. Mtoto alizaliwa 1973, akapelekwa kwa shangazi Kongwa akiwa na miezi michache, na baba yake anajulikana sura ya mwisho tu. Ndiyo maana nikaruka. Nikiandika miaka hiyo nitaifichua siri. Huo uamuzi nimeshaufanya na sibadilishi, riwaya yote imesimama juu yake.

Zabibu Kavu
Kumbe! Mkuu ulitaka tukutibu mguu huku umeficha kidonda.

Dada wa Hombolo
Kuficha mtoto si vizuri hata kitabuni. Vijana wetu wanasoma, watajifunza nini? Mtoto ana haki ya kumjua baba yake.

Mwl wa Nkuhungu
Siri ibaki, dada, ni siri nzuri. Shida ni nani anayeificha. Kalamu, sura zako zote ziko kichwani mwa Ester. Tunasikia anachowaza, hadi ladha ya mlenda. Mama aliyetengana na mtoto mwaka uliopita, halafu kurasa 20 hamuwazi hata mara moja? Msomaji akifika sura ya mwisho ataona umemdanganya kwa kumnyamazisha Ester. Pengo linaweza kuficha kilichotokea ndani ya pengo. Kilichotokea kabla yake, machoni pa mtu ambaye tumekaa kichwani mwake, haliwezi kukificha.

Una njia mbili bila kubomoa mswada. Ya kwanza: sura ya 9 peke yake iione kupitia mdogo wake, mtoto wa miaka minane. Ataona dada anaondoka, haelewi kwa nini, na hiyo ni haki. Ya pili, ambayo naipenda zaidi: baki na Ester, mwonyeshe mtoto, ufiche baba tu. Siri yako halisi ni baba. Hata kwa ishara inatosha, kwa mfano anapita mwanamke amebeba mtoto mgongoni, Ester anakaza kanga kifuani na kuangalia pembeni. Usieleze. Msomaji akikutana na Daudi sura ya 10, ataikumbuka kanga.

Kalamu ya Bahi
Ya kanga naweza. Ya mdogo wake hapana, nitapoteza sauti.

Msomaji Makole
Samahani niingie na jambo jingine. Umesema sura ya 9 ni wanahamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, ndiyo maana tembe linafungwa?

Kalamu ya Bahi
Ndiyo, ni mwisho wa tembe.

Msomaji Makole
Basi 1974 haikai. Nchi nzima operesheni ya vijiji ilipamba moto 1974, lakini huku kwetu Operesheni Dodoma ilitangulia, watu walikuwa wanahamishwa 1971. Sogeza sura nyuma miaka mitatu. Ester atakuwa na 13, mtoto hajazaliwa, na hesabu ya mwalimu inajitatua yenyewe.

Kalamu ya Bahi
1974 haisogei.

Msomaji Makole
Kwa nini? Ni kitabu chako.

Kalamu ya Bahi
Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Zabibu Kavu
Ndivyo ilivyokuwa wapi? Wakuu, mimi sidhani kama kuna riwaya hapa. Tangu serikali ihamie Dodoma viwanja vimepanda, kila ukoo unatafuta nani mtoto halali wa nani. Mleta uzi anatafuta namna ya kupanga maelezo ya familia yakubalike.

Dada wa Hombolo
Hata mimi nilishtuka. Mtu wa riwaya hang'ang'anii mwaka.

Kalamu ya Bahi
Ni riwaya. Nimeweka aya hapo juu, mnataka niweke sura nzima? Baadhi ya tarehe nimezipata kwa watu wazima wa nyumbani, hilo silikatai. Kesi sina.

Mwl wa Nkuhungu
Sitakuhoji mambo ya nyumbani. Ila swali lina uzito kwenye kazi yenyewe. Kama ni ya kubuni, sura inasogea na ushauri wa Makole ndio mwepesi kuliko wote. Kama tarehe imefungwa, basi kinachosogea ni sababu: mwaka 1974 Ester asihame kwa operesheni, tembe liwe limebaki na wazee waliorudi mashambani, naye aondoke kwa sababu yake mwenyewe. Kukaza mwaka na sababu kwa pamoja huwezi, mtu wa Dodoma mwenye miaka 65 atafunga kitabu.

Msomaji Makole
Mimi bado nasema asogeze.

Kalamu ya Bahi
Nitabadilisha mlango na kanga usiku huu. Hilo la mwaka niacheni kwanza. Je, kutoka 1986 kwenda 2002 nifanye vilevile?

Mwl wa Nkuhungu
Usirudie mlango, utakuwa mchezo. Huko tumia aya moja ya daraja, sentensi tano au sita za mazoea: alikuwa akipanda uwele mvua za Desemba, akivuna, akiuza zabibu, Daudi akituma barua, kisha barua zikikoma. Ikizidi hapo inakuwa ripoti ya kijiji. Ifunge kwa jambo moja lililotokea mara moja tu, lenye "ali-", uingie nalo kwenye tukio la 2002.

Ukimaliza, wape wasomaji wapya wawili, wale wa kwanza wameshajua. Usiwaulize kama wamependa. Wakifika nusu ya ukurasa wa kwanza wa sura ya 10, wasimamishe uwaulize Daudi ana umri gani na mama yake anakaa wapi. Wakijibu bila kurudi nyuma kutafuta, mpito umekaa. Wakianza kufunua kurasa za nyuma, tia alama pale walipotazama, ndipo taarifa ilipokosekana.

Dada wa Hombolo
Mwalimu nimefungua uzi wangu, usisahau. Babu bado hajaoa.