Mrejesho: sifuri zilizopotea kwenye msimbo wa posta

Swali langu lilikuwa: "Nanakili anwani za bahasha 340 zilizoandikwa kwa mkono kwenye jedwali la jina, mtaa, mji na msimbo wa posta. Mbona misimbo mingine inabaki na tarakimu nne badala ya tano?"

Wakuu, nimemaliza. Mlisema kweli: nikiandika 04017, programu inaiona ni namba ya kuhesabia, inakata sifuri ya mbele, inabaki 4017. Nilibadili safu nzima kuwa maandishi (`Text`), lakini sifuri zilizokwisha kupotea hazikurudi. Ilibidi niandike upya zile zote fupi. Kuzipata nilitumia safu ya pembeni:

```
=LEN(E2)
```

Nikachuja kila isiyotoa 5. Pembe ya kijani inayotokea kwenye seli nimeiacha; ukikubali ibadilishe kuwa namba, sifuri zinaondoka tena.

Kilichonitesa zaidi ni miandiko. Bahasha ya 57 ilikuwa na tarakimu ambayo ingeweza kuwa 1 au 7. Nikaangalia mstari wa mtaa: mwandishi yuleyule aliandika nyumba namba 17, na 7 yake ina kijistari katikati. Ile ya kwenye msimbo haikuwa nacho, kwa hiyo ni 1.

Nisipopata ushahidi wa namna hiyo sibahatishi, naweka alama ya kuuliza mahali pa tarakimu. Safu A ina namba niliyoiandika nyuma ya kila bahasha, hivyo kuirudia ni dakika moja. Zimebaki sita.