Fedi ya lazima kwenye kila kipande cha sauti: inasaidia au inakula maneno?

Mhariri wa Zamu, Kampala: Jamani, redio yetu wametoa sheria ati kila kipande cha mahojiano kinachoingia kwenye habari kiwekewe fedi ya milisekunde 20 mwanzo na mwisho, yaani sauti ipande taratibu ikianza na ishuke taratibu ikiisha, ili tuondoe ule mlio wa "tik" pale kilipokatwa. Mimi naona inakula maneno ya watu. Ni sawa kuwa na sheria moja kwa vipande vyote ama kila mtu akate kwa sikio lake?

Biti Jinja: Sheria ya nini sasa, hiyo fedi ni uvivu tu. Kata pale wimbi linapogusa mstari wa sifuri, basi tik hakuna. Kwenye Audacity unachagua sehemu yako unabonyeza Z, inasogea yenyewe mpaka kwenye sifuri, sekunde moja umemaliza, mbona tunasumbuana.

Fundi Mbale: Biti, una nusu ya ukweli hapo. Tik inatokea kwa sababu wimbi lilikuwa juu au chini, halafu ghafla likakatwa kuwa kimya, kwa hiyo spika inatakiwa iruke toka pale ilipo mpaka sifuri bila njia ya katikati, na mruko huo ndio unaousikia. Ukikata kwenye sifuri mruko unapungua kweli. Lakini sauti ya stirio ina mawimbi mawili, kushoto na kulia, na mara nyingi hayagusi sifuri pamoja, unapata sifuri ya kushoto kumbe kulia bado iko juu, tik inabaki sikio moja. Tena kuna rekoda za bei rahisi ambazo wimbi lote limekaa juu kidogo ya mstari, hapo hata ukimya wenyewe si sifuri, Z itakutafutia nini?

Na kwa wewe wa biti kuna lingine. Lupu ya mapigo 4 kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika ni sampuli 117,600 kamili kama faili ni 44,100 Hz, yaani sampuli 44,100 kila sekunde. Z ikikusogezea mwisho kwa sampuli 150 tu hutasikia kitu, ni kama milisekunde 3 na kidogo. Irudie mara 32 uone, umeshapotea zaidi ya milisekunde 100, ngoma na besi haziko pamoja tena. Bora uache urefu wake halisi uweke fedi fupi sana mwishoni.

Biti Jinja: Eeh hiyo ya kupotea imenikuta, nilidhani ni kompyuta. Lakini ngoma ukiiwekea fedi mwanzoni unaiua sebo, ule mchapo wote unalainika, hapo sikubali.

Fundi Mbale: Na mimi sijasema uweke mwanzo wa ngoma. Ngoma inaanza toka kimya, anza kukata kidogo kabla ya pigo, fedi iishie kabla mkono haujagusa ngozi.

Mama Kwaya, Arua: Samahani wakubwa, mimi narekodi mahubiri na kwaya yetu kwa laptop, nasikia tik tik katikati ya wimbo kabisa, sijakata kitu. Nimeweka Fade In na Fade Out kama mnavyosema na bado zipo. Nifanye fedi ndefu zaidi?

Fundi Mbale: Hapana mama, yako ni ugonjwa mwingine, fedi inagusa ncha tu. Cheza faili mara mbili: tik zikirudi mahali palepale zimeshaingia kwenye rekodi, mara nyingi laptop ilizidiwa ikaangusha sampuli wakati wa kurekodi, kwa hiyo siku nyingine ongeza bafa na ufunge programu zingine. Zikihamahama, rekodi ni nzima, tatizo liko kwenye kuicheza.

Mhariri wa Zamu: Mturudishe kwa maneno ya watu tafadhali. Juzi nina mama wa sokoni Owino anasema "Kodi imepanda tena", nyuma yake jenereta inanguruma. Nimekata palepale k inapoanza, nikaweka 20 zao, ikatoka hewani kama "Hodi imepanda tena". Watu wamecheka studio nzima.

Fundi Mbale: Hiyo ndiyo kesi nzuri, tuiangalie polepole. Herufi k si mlio wa kuendelea, ulimi unaziba hewa kwanza, panakuwa na kimya kidogo, halafu hewa inapasuka, na mpasuko wenyewe ni mfupi, unaweza usifike hata hizo 20 zenu. Fedi ikianzia juu ya mpasuko, inaukuta ikiwa bado chini kabisa, ikifika juu k imeshapita, umebaki na pumzi na "odi". Sogeza mwanzo wa kipande nyuma, kiasi cha milisekunde 30, uingie kwenye kile kimya kabla ya k, weka fedi ya 5 pale. K inabaki nzima, tik haipo. Hata kama ameunganisha maneno, "serikali imeongeza kodi", bado kabla ya k hewa imezibwa, panatosha kuweka 2 au 3. P na t ni vilevile.

Mwisho sasa ni kinyume. "Tena" inaishia kwa a ambayo inafifia yenyewe, 20 pale haimuumizi mtu. Na kwa sababu ya jenereta usiweke ndogo: kama mngurumo wake uko kwenye 50 Hz, wimbi moja linachukua milisekunde 20 kuzunguka, ukilifunga kwa 3 hutasikia tik, utasikia "dup" ya chini, na kwa spika ndogo ya simu huenda usiisikie kabisa, mpaka msikilizaji mwenye redio kubwa akupigie. Sikiliza kwa hedifoni. Kama huamini sikio, fungua spektrogramu: tik ya mkato inaonekana kama mstari mwembamba uliosimama toka chini mpaka juu.

Msimamizi wa Studio: Mimi ndiye mmoja wa waliotaka hiyo sheria kwa hiyo nijitetee. Saa ya habari vipande vinaingia vingi, mtu ana dakika chache, hana muda wa kutafuta k iko wapi. Bila lazima, tik zinatoka hewani kila siku. Sheria mbaya inayofuatwa inanifaa kuliko sikio zuri la mtu mmoja ambaye leo yuko likizo.

Fundi Mbale: Basi iwe 5 mwanzo na 20 mwisho, na vipande vikatwe na nafasi kidogo mbele. Mashine inaweza kuvifanya vyote:

```
ffmpeg -i kipande.wav -af "afade=t=in:d=0.005,areverse,afade=t=in:d=0.02,areverse" safi.wav
```

Inageuza sauti nyuma-mbele ili mwisho uwe mwanzo, inaweka fedi, inairudisha, kwa hiyo hamhitaji kujua urefu wa kila kipande. Kwa vipande vifupi tu, faili la saa nzima litajaza memori.

Mhariri wa Zamu: 5 nakubali. Lakini hiyo nafasi kidogo mbele nani ataiacha, si bado ni sikio la mtu? Na jenereta je, ikiingia ghafla na kutoka ghafla hata bila tik inashtua.

Fundi Mbale: Hiyo 20 haitoshi kwa jenereta, ni kweli. Acha mngurumo peke yake nusu sekunde kabla na baada ya maneno, uufifishe polepole chini ya sauti ya msomaji.

Msimamizi wa Studio: Nusu sekunde mbele na nyuma kwa kila kipande, banange, mnajua taarifa ni dakika ngapi? 5 na 20 nitaijaribu wiki hii. Hiyo ya jenereta sijakubali.