Ati nilikuwa "najitolea tu"! Miaka 4 yangu Likoni imeandikwa sufuri

BintiMtongwe:
Nimetoka usailini, nimeshuka feri sasa hivi na mikono bado inanitetemeka, mkiona makosa ya herufi nisameheni. Mnamjua. Hana haja ya kutajwa. Kila aliyewahi kuomba kazi ya mashirika hapa Mombasa anamjua, yule anayekaa katikati ya paneli kama kadhi siku ya talaka.

Kazi yenyewe ni afisa wa programu ya vijana. Tangazo lilitaka "uzoefu husika usiopungua miaka 3". Husika! Halikusema wa mshahara. Mimi nina miaka 4 na kikundi chetu Likoni. Miwili ya kwanza nilifundisha wasichana stadi za maisha kila Jumamosi. Miwili ya mwisho ndiyo nimeratibu, siku 3 kwa wiki, wahamasishaji 12 chini yangu, ruzuku ya shilingi 480,000 ambayo kila risiti yake niliibandika kwa gundi daftarini kwa mikono yangu, na ripoti kwa mfadhili kila baada ya miezi 3. Nimebembeleza wazazi mpaka sauti ikanikauka.

Nikaeleza yote. Akaniuliza, "Ulikuwa ukilipwa ngapi?" Nikasema nauli. Akacheka kwa pua. "Aa, kumbe ulikuwa unajitolea tu." Akachukua kalamu nyekundu, na kwenye kisanduku cha uzoefu akaandika 0. Niliiona kwa macho yangu! Meza ile si pana kuliko sinia ya biriani. Sufuri nene, akaizungusha mara mbili, kama kwamba nitaruka niifute.

TU! Miaka 4 imemezwa na herufi mbili. Ningeambiwa sikujibu vizuri ningenyamaza. Lakini tu?

KasukuKisauni:
Pole dada. Lakini kwenda na daftari la risiti kwenye usaili 😂 ulidhani ni harambee?

BintiMtongwe:
Nililibeba ndiyo. Hakulifungua hata ukurasa mmoja. Aliandika sufuri daftari likiwa mbele yake.

WakiliWaBarazani:
Mshitaki! Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi hata kwa anayeomba kazi. Kukataa kazi ya kujitolea ni ubaguzi mtupu.

MzeeTudor:
Ndugu wakili, kifungu umekipata, ila kisome mpaka chini. Kinataja rangi, jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito, hali ya virusi vya UKIMWI na kadhalika. Kujitolea hakumo. Usimpeleke binti wa watu mahakamani bure.

Binti, mimi nimekaa upande wa pili wa meza hizo miaka mingi, nami nitakwambia nilivyokuwa nikipima. Kwanza nakuhesabia muda. Jumamosi moja kwa wiki ni siku 1 kati ya 5 za kazi, basi miezi 24 ya kufundisha inakuwa karibu miezi 5. Siku 3 kati ya 5 kwa miezi 24 ni miezi 14 na kidogo. Jumla miezi 19. Si sufuri, lakini mwanangu, si miaka 4 pia. Walitaka miezi 36.

BintiMtongwe:
Kwa hivyo Mzee unamtetea? Siku nilizolala saa nane usiku nikiandika ripoti zimo kwenye hizo siku 3?

MzeeTudor:
Simtetei. Sikiliza linaloniudhi mimi. Wewe uliitwa kwenye usaili. Maana yake yupo aliyechuja maombi akakuhesabia miaka 4 kamili, ukapita. Ukifika ndani, mwengine akahesabu sufuri. Karatasi ni ileile, watu wawili, hesabu mbili. Hapo hapakuwa na kanuni iliyoandikwa kabla bahasha hazijafunguliwa. Paneli inatakiwa ikubaliane mapema: kazi isiyo na mshahara tunaihesabu, ndiyo au la, na kwa kipimo gani. Wakiamua baada ya kuona majina, ni kuchagua mtu kisha kutafuta sababu.

La pili, miaka ni mlango tu. Ndani nilikuwa natoa alama kwa majukumu. Nani alikuwa akitia sahihi fedha zikitoka? Idadi ya wasichana iliposhuka, nani aliamua kubadilisha siku au mahali, na kilitokea nini? Asiyelipwa aliyefanya hayo alinipendeza kuliko mwenye mshahara aliyekuwa akipeleka barua. Wahamasishaji wako 12, yupo uliyemwondoa?

BintiMtongwe:
Wawili. Mmoja alikuwa akijaza mahudhurio ya watoto wasiokuja. Nililinganisha sahihi zake na daftari la mwalimu, mwandiko ni mmoja toka juu mpaka chini. Tulirudia hesabu ya miezi 3 nzima na mfadhili nikamwandikia mimi mwenyewe.

MzeeTudor:
Hilo ulilisema usailini?

BintiMtongwe:
Ningesemaje? Alishasema "tu" na kalamu imeshashuka!

MzeeTudor:
Na barua ya kikundi inasemaje?

BintiMtongwe:
"Amejitolea kwa moyo mkunjufu kuinua wasichana wa Likoni, tunamwombea kheri."

MzeeTudor:
Hiyo ni dua, si barua ya kazi. Haina tarehe ya kuanza, haina siku kwa wiki, haina kiasi cha fedha, haina nani alikuwa juu yako. Mwenye nia mbaya anaipitia bila kusimama, na mwenye nia njema hana la kushika. Mwambie mwenyekiti aiandike upya, ataje na lile la mahudhurio. Nawe kwenye wasifu wako andika "mratibu" pale juu pamoja na kazi nyingine, uonyeshe wazi kuwa ulilipwa nauli. Usifiche, wakigundua baadaye watakuona mwongo.

MahamriMoto:
Niseme langu. Mimi nina diploma ya maendeleo ya jamii, na sikuwahi kujitolea hata siku moja, kwa sababu saa kumi alfajiri nilikuwa nakaanga mahamri Kongowea kulisha wadogo zangu. Sasa mkianza kuhesabu kujitolea kama uzoefu, atakayepita ni yule ambaye baba yake analipa kodi ya nyumba. Kuendesha kibanda na watu watatu nako si kuratibu?

BintiMtongwe:
Baba yangu ni marehemu. Nilikuwa nasuka nywele siku nne zilizobaki.

MahamriMoto:
Pole mpenzi, sikukukusudia wewe. Lakini swali langu libaki pale.

MzeeTudor:
Swali lako ni zuri, nami sina jibu kamili. Fedha na watu ningekuhesabia. Ripoti za mfadhili ungepata wapi?

Nahodha_Jr:
Hiyo nafasi bado iko wazi? Wasifu natuma wapi?

KasukuKisauni:
😂😂 Huyu naye.

MamaChangamwe:
Nyinyi mnalia na paneli. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, nyumba mia moja ni zangu mimi, napanda ngazi na mkoba mgongoni. Tulivalishwa fulana na kupigwa picha 2023, tukaahidiwa posho ya shilingi 5,000, nusu kaunti nusu serikali kuu. Hebu niulizeni ya mwezi uliopita.

WakiliWaBarazani:
Hapo ndipo pa kushitaki sasa.

MamaChangamwe:
Nishitaki kwa nauli gani? Juzi nimepanda matatu mpaka Mwembe Tayari, utingo ananidai nyongeza ati mvua imenyesha. Mvua hata haijaanza!

KasukuKisauni:
Njia gani hiyo? Hao wa Changamwe wananijua, kila siku tunagombana chenji.

Nahodha_Jr:
Mimi wamenibakia na shilingi 50 toka Jumatatu.

BintiMtongwe:
Nauli ndiyo aliyoicheka. Sufuri nene, akaizungusha mara mbili.

KasukuKisauni:
Shilingi 50 si kitu, Nahodha, mimi ni 200. Tena noti.