Naomba ushauri: hoja ya Kim imenikwamisha kwenye wapiga risasi wawili

Habari wanajukwaa. Naandika insha ya falsafa ya akili na nimekwama kwenye hoja ya mwanafalsafa Jaegwon Kim ya utengano wa visababishi.

Mfano wangu: jino linaniuma, nanyoosha mkono kuchukua dawa. Tuseme maumivu si kitu kilekile na hali ya neva, ila yanaitegemea. Lakini hali hiyo ya neva peke yake inatosha kuusogeza mkono. Kim anauliza: maumivu yamebakiwa na kazi gani? Tukisema vyote viwili vinasababisha, mkono unakuwa na visababishi viwili vinavyojitosheleza, kama mtu aliyepigwa risasi na watu wawili kwa wakati mmoja, kwa bahati nasibu tu. Tukikataa hilo, maumivu yanabaki kama king'ora cha treni alichokitaja mwanabiolojia Thomas Huxley mwaka 1874: kinalia, lakini hakisukumi gurudumu.

Mimi naona mfano wa risasi haufai. Wapiga risasi wale hawategemeani. Ukimwondoa mmoja, mwingine anabaki. Maumivu huwezi kuyaondoa ukaiacha neva ilivyo. Mwalimu wangu akanijibu kwamba hata kivuli huwezi kukitenga na mwili wake, na bado hakisukumi kitu. Jibu hilo limenikosesha usingizi.

Waliopita hapa naomba mnisaidie: kutegemea neva kunayapa maumivu nguvu ya kusababisha, au kunaondoa tu shtaka la bahati nasibu? Na kama haitoshi, nikubali kwamba maumivu ndiyo hali yenyewe ya neva?