Mjadala: Ndege ikifika kikomo, neno la mwisho liwe la rubani au la kompyuta?

Mwana_Tanga: Nasikia kwenye Airbus rubani hata avute fimbo mpaka mwisho, kompyuta haimruhusu kupitisha ndege kikomo, ila kwenye Boeing akikaza anapita. Je, ni haki mashine imkatalie mtu mwenye leseni? Na siku mashine yenyewe ikikosea?

FundiHanga: Tuanze na kile ambacho fimbo inaagiza, maana hapo ndipo watu wengi wanapotelea. Kwenye A320 fimbo ya pembeni haijaungwa na mkia kwa kebo yoyote. Mfumo ukiwa mzima, yaani kwenye kanuni ya kawaida, kuvuta fimbo nyuma si kusema "inua kibao cha mkia nyuzi kadhaa". Ni kusema "nataka uzito kiasi hiki". Kompyuta ndiyo inayotafuta kibao kikae wapi ili uzito huo upatikane. Ukiiachia fimbo, ndege inashika njia iliyokuwa nayo kwa uzito wa kawaida wa 1g. Ukivuta mpaka mwisho kwa ghafla, unapewa 2.5g, yaani uzito mara mbili na nusu ya kawaida, na hupati zaidi, kwa sababu hicho ndicho kiwango ambacho muundo wa ndege ya abiria umeidhinishiwa. Flapu zikiwa nje, kikomo kinashuka hadi 2g.

Kulala ubavu nako kuna mpaka. Ukishikilia fimbo pembeni ndege italala hadi nyuzi 67, basi. Namba hiyo haikuokotwa: ukipiga kona ya nyuzi 67 bila kupoteza kimo, mabawa yanabeba takriban 2.5g, kwa hiyo ni ukuta uleule ukiutazama kutoka upande mwingine. Ukiachia fimbo ukiwa umepita nyuzi 33, ndege inarudi yenyewe hadi 33.

Ila kikomo chenye mjadala ni cha mwendo mdogo. Bawa linaacha kubeba, ndiko kusema linaanguka, pale pembe yake dhidi ya upepo inapozidi. Pembe hiyo ikifika kiwango kinachoitwa ALPHA PROT, fimbo inabadilika maana. Sasa haiagizi uzito tena, inaagiza pembe yenyewe. Fimbo ikiwa katikati unapata ALPHA PROT. Ukivuta hadi mwisho unapata ALPHA MAX, ambayo imewekwa chini kidogo ya pale bawa linapoanguka. Kati ya hizo mbili injini zinajipeleka zenyewe kwenye nguvu kamili, hata kama rubani ameacha vishikio vya nguvu nyuma.

KaptenB: Maelezo mazuri, lakini mimi siafiki. Februari 1985 ndege ya China Airlines, 747SP, iliporomoka kutoka futi 41,000 karibu na San Francisco. Marubani waliivuta ikatoka kwenye mporomoko ikiwa imepita 5g. Mkia uliharibika, lakini ilitua. Ingekuwa na ukuta wa 2.5g, si wangeingia baharini? Ndiyo maana Boeing kwenye 777 hawakujenga ukuta. Ukipita nyuzi 35 za ubavu, usukani unakusukuma urudi, na ukikaza mikono unapita. Onyo lipo, uamuzi ni wako.

FundiHanga: Mfano huo hutolewa kila mara, ila unaanzia katikati ya hadithi. Injini moja ilipoteza nguvu, otopailoti ikapambana nayo kimyakimya, kisha ndege ikalala ubavu taratibu bila wahusika kugundua mpaka ikapinduka. Ndege yenye ukuta wa nyuzi 67 isingefika huko. Ukuta wa 2.5g haujawekwa peke yake: kuta nyingine zinakuzuia usifike mahali pa kuhitaji 5g.

Nikuongezee mfano wa kwetu. Mei 2007, Douala, 737-800 ya Kenya Airways ilianza kulala kulia muda mfupi baada ya kuruka, usiku, na otopailoti haikuwa imeshika. Walikufa wote 114. Ile haikuwa ndege ya kuendeshwa kwa kompyuta na nyaya za umeme, haikuwa na ulinzi wa aina hii hata kidogo. Kwenye A320, fimbo ikiwa haijaguswa, ubavu hauongezeki wenyewe namna ile.

Kahama_Boy: Jamani mnasifia kompyuta wakati Ethiopian 302 iliyokuwa inakuja Nairobi Machi 2019 iliangushwa na kompyuta hiyohiyo! Watu 157. Marubani walivuta, mashine ikasukuma chini. Huo ndio ulinzi?

Bi_Rehema: Pole, lakini hiyo si habari tunayojadili. Ile ilikuwa 737 MAX, ambayo bado inaendeshwa kwa kebo za chuma na mitambo ya mafuta. MCAS ilikuwa programu iliyopachikwa juu yake, ikizungusha mkia mlalo kushusha pua kila ilipodhani pembe imezidi. Haikuwa ukuta unaosema "hapa mwisho". Ilikuwa mkono unaosukuma, ukipumzika kidogo, unasukuma tena. Tena ilisikiliza kihisi kimoja tu cha pembe. Kihisi cha kushoto kilipodanganya, hapakuwa na wa kukibishia.

Ila swali lililo chini ya hasira yako ni halali: Airbus yenye vihisi vitatu, je, haiwezi kudanganywa? Inaweza, na imetokea. Tarehe 5 Novemba 2014 A321 ya Lufthansa ilitoka Bilbao kwenda Munich. Wakati inapanda, vihisi viwili kati ya vitatu viliganda kwenye pembe ya kawaida ya kupanda. Wakati ule haikuonekana kasoro yoyote, kwa sababu pembe hiyo ilikuwa sahihi. Shida ni kwamba ALPHA PROT haisimami kwenye namba moja. Kadiri ndege inavyokaribia mwendo wa sauti, bawa huanguka kwa pembe ndogo zaidi, hivyo kompyuta huteremsha kikomo. Ndege ilipofika karibu na futi 31,000, kikomo kilichokuwa kinashuka kikakutana na namba iliyoganda. Kwa macho ya kompyuta, bawa lilikuwa linakaribia kuanguka. Ikainamisha pua.

Na kihisi cha tatu? Kilikuwa kizima na kilisema kweli. Lakini kompyuta hulinganisha vitatu na kumtupa anayepishana na wenzake. Wawili walioganda walikubaliana, mkweli akaonekana ndiye muongo. Ndege ilishuka kwa kasi iliyofikia futi 4,000 kwa dakika. Nahodha alivuta fimbo, ikatulia kwenye futi 27,000, na akalazimika kuendelea kuvuta muda wote ili isishuke tena.

Mwana_Tanga: Sasa walitokaje? Si ndiyo nasema, kompyuta ya Airbus haizimiki!

KaptenB: Haizimiki. Boeing 777 ina swichi yenye kifuniko juu ya kichwa, unazikata kompyuta kuu za kuendeshea na fimbo inaongea na mabawa moja kwa moja. Airbus hakuna.

Bi_Rehema: Nusu kweli. Hakuna swichi iliyoandikwa "zima ulinzi". Lakini ulinzi unakula data, na data unaweza kuikata. Kuna vitufe vitatu vya ADR, yaani vyanzo vya data ya hewa. Wale wa Bilbao waliwasiliana na mafundi walioko chini, wakazima kimoja. Waliobaki wawili wakapishana, kompyuta ikashindwa kujua nani mkweli, ikaacha kuwaamini wote. Ndege ikaingia kanuni mbadala: kikomo cha uzito kinabaki, ukuta wa pembe unaondoka, na mahali pake unabaki na kengele tu. Wakaruka hadi Munich hivyo.

Mwezi uliofuata mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ikatoa amri ya dharura: ukiona dalili, bakiza ADR moja na uzime mbili. Na dalili ziliandikwa wazi. Kwenye kioo cha rubani, mkanda mwekundu wa ALPHA MAX unaufunika kabisa mkanda wa ALPHA PROT wenye rangi nyeusi na njano, huku ndege haivutwi kwenye kona. Au mkanda wa ALPHA PROT unaruka zaidi ya noti 30 za mwendo ghafla ndege inapogeuka, otopailoti ikiwa imeshika na breki za hewa zimefungwa.

KaptenB: Nakubali, nimejifunza. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapokazika. Kwenye futi 31,000 walikuwa na muda wa kuandikiana na mafundi. Fanya hiyo futi 2,000.

FundiHanga: Hilo sina jibu jepesi. Tena kesi mbaya zaidi inaegemea upande wa pili. Perpignan, 27 Novemba 2008, A320 iliyokuwa kwenye ruko la majaribio kabla ya kukabidhiwa. Ilikuwa imepakwa rangi, kisha ikasuuzwa kwa maji bila vihisi kufunikwa. Maji yakaingia ndani ya vihisi viwili, juu yakaganda. Tena wawili wakamshinda mmoja. Safari hii namba iliyoganda ilikuwa ndogo, kwa hiyo kompyuta iliamini kila kitu ni salama wakati bawa linaelekea kuanguka. Marubani walishusha mwendo makusudi kwenye kimo kidogo, wakiusubiri ulinzi uingilie. Haukuja. Kilichokuja kwenye noti 99 ni kengele ya kuanguka, na mkia mlalo ulikuwa tayari umejipanga kuinua pua hadi mwisho, kwa sababu kompyuta huupanga yenyewe. Mfumo ukashuka kwenye kanuni ya moja kwa moja, kioo kikaandika USE MAN PITCH TRIM, yaani zungusha gurudumu la mkia kwa mkono. Hawakulizungusha. Walikufa wote 7.

Kwa hiyo kinachotisha kwangu si ukuta kukukatalia. Ni kuuegemea ukuta ambao haupo.

Mama_Ndege: Mbona hamtaji Asiana, San Francisco, Julai 2013? 777, ulinzi laini mnaousifu. Ndege ikapoteza mwendo hadi noti 103 wakati ilitakiwa 137, na kishika nguvu, yaani mfumo unaoongeza nguvu za injini wenyewe, hakikuamka kwa sababu kilikuwa kwenye hali ya HOLD. Watatu wakafa. Airbus ingewasha injini yenyewe.

FundiHanga: Huenda. Ila angalia, wakati wa kutua ile nguvu ya dharura ya Airbus hunyamaza chini ya futi 100, la sivyo ingekupaisha ukiwa unagusa lami. Ingetegemea pembe ilifikia kikomo juu ya futi 100 au chini yake. Na kumbuka Habsheim 1988: A320 ilipita chini sana kwenye maonyesho, ulinzi wa pembe ukafanya kazi yake sawasawa, bawa halikuanguka. Ndege iliingia msituni ikiwa inaruka vizuri kabisa. Kompyuta haijui miti.

KaptenB: Bado nataka swichi. Moja, yenye kifuniko, mahali ambapo mkono unafika bila kutazama.

Bi_Rehema: Na atakayeigusa kimakosa usiku, kwenye wingu, akiwa na hofu? Mimi ningeanza na kihisi cha tatu. Wawili kuganda pamoja kunashinda mkweli mmoja kwa sababu vyote vitatu ni vibao vidogo, vipepeo, vinavyokaa nje vikipigwa na maji yaleyale. Weka njia ya nne ya kukadiria pembe kutokana na uzito wa ndege, mwendo na g, halafu tuone nani anayetupwa.

KaptenB: Mwendo nao unatoka kwenye mirija inayoganda, Bibi. Air France 447, 2009. Umerudi palepale.

Bi_Rehema: Si palepale. Mirija na vipepeo kudanganya kwa pamoja, tena kwa namna inayolingana, ni jambo gumu zaidi kuliko vipepeo viwili peke yake. Gumu, sijasema haliwezekani.